Mwisho wa Maelezo Yako

Juma lililopita uliandika maelezo yako: wewe ni seremala, miaka 10 kazini. Ukiishia hapo, msomaji hajui unataka nini kwake. Usiandike tu, "Karibuni nyote." Andika hivi: "Natafuta fundi wa kushona makochi tushirikiane. Nipigie simu jioni, saa 11 hadi saa 1." Kisha taja namba moja tu, ile unayoipokea, na mahali ilipo karakana. Nyumba unayolala na namba ya kitambulisho usiziandike. Mteja hazihitaji, lakini tapeli huzitafuta. Mwisho, mwombe mwenzio aipige namba kama ulivyoiandika. Simu yako isipolia, tazama tena: huenda tarakimu moja imekosewa.