Mauzo si Mshahara

Msikilizaji, tumchukue kijana anayekaanga chipsi mtaani Dar es Salaam. Kwa siku anauza shilingi 120,000. Viazi, mafuta, mayai, mkaa, kodi na msaidizi vinamla 100,000. Faida yake ni 20,000.

Lakini mfukoni anaziona zote 120,000, na kila jioni anachomoa 30,000 za nyumbani. Hiyo 10,000 iliyozidi inatoka kwenye mtaji. Kama alianza na mtaji wa 300,000, siku 30 zinatosha kuumaliza, huku wateja wakiwa wamejaa kibandani.

Dalili huonekana mapema. Aliyekuwa akinunua mafuta kwa ndoo sasa anayapima kwa lita, kwa bei ya juu zaidi. Viazi anavichukua kwa mkopo. Atalaumu biashara, kumbe tatizo ni mfuko mmoja.

Kijana mjasiriamali, tenga laini mbili za simu: moja ipokee mauzo yote, nyingine iwe yako. Jilipe mshahara maalumu, tuseme 12,000 kwa siku, na 8,000 ibaki kukuza mtaji. Hata sahani ya chipsi unayompelekea mdogo wako, iandike kwenye daftari kwa bei yake.

Na mtoto akiugua usiku? Chukua fedha, umtibu. Ila andika kwamba wewe umeikopa biashara, kisha ulipe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wako. Deni lisiloandikwa halilipwi, na mtaji haurudi.