Ulimi wa Kisongo



Sisi tuliozaliwa Kisongo twajulikana kabla hatujamaliza neno. Kimaasai chetu hakina f, wala v, wala z. Basi "zaidi" hutoka "saidi", na wenzetu wa pwani hucheka.

Siku moja karani mgeni alimwiga mwenzetu mbele ya watu. Mwenzetu alicheka kwanza yeye, kisha akajibu: "Kweli, bwana, z hatukurithi. Lakini tunazo r mbili, moja nyepesi na moja ya kutetemesha ulimi, na ukizichanganya neno hugeuka maana. Tafadhali zitamke, nasi tutakusahihisha." Mgeni alijaribu mara tatu, zikatoka zote sawasawa, akacheka pamoja nasi.

Jibu lile lilifaa kwa kuwa halikugusa kabila lake wala wazazi wake. Ila ukiandika "saidi" katika barua ya ofisi, akusahihishaye si mdhihaki, mshukuru.

Tena tuwakumbuke watu wa Mombasa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika mjini kwao ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ukakiacha Kimvita. Hata wao, wenye pwani yao, iliwapasa kujifunza maneno ya jirani.