Deni Haliombewi Samahani

Msikilizaji, tuchukue ujumbe wa simu ambao mafundi wengi wataufahamu. Seremala ametengeneza madawati 20 ya shule, ameyafikisha, na bado anadai sehemu ya fedha yake. Anamwandikia mwalimu mkuu hivi: “Shikamoo mwalimu. Samahani sana kwa usumbufu, najua uko bize. Nilikuwa nataka tu kuulizia kidogo kuhusu ile hela iliyobaki, nadhani ilikuwa kama laki nne hivi. Kama itawezekana, naomba unisaidie.” Kazi ameimaliza na watoto wameshayakalia madawati, lakini ukimsoma utafikiri mwenye deni ni yeye.

Yatazame maneno hayo kwa macho ya anayeyapokea. Samahani ya usumbufu inamwambia kwamba kudaiwa ni kuonewa. “Nilikuwa nataka tu kuulizia kidogo” haimtaki afanye lolote. Anaweza kujibu “nimekusikia, fundi” na akawa amejibu kweli. Lakini lenye hasara kubwa ni “nadhani”. Seremala anajua ni 400,000, kwa kuwa hati ya makabidhiano anayo. Akisema anadhani, amempa mwenzake nafasi ya kumwambia akahakikishe kwanza, na wiki mbili zinapita. Kisha “unisaidie” inageuza malipo kuwa hisani, na hisani hutolewa mtu akijisikia.

Kwamba maneno ya namna hii hupunguza uzito wa msemaji si hisia tu. Katika miaka ya 1970, William O’Barr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walirekodi kesi katika mahakama za North Carolina wakichunguza jinsi mashahidi wanavyozungumza. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1978, wasikilizaji walipewa ushahidi mmoja kwa namna mbili: ukweli uleule, ila namna moja ilijaa kusitasita, “nadhani” na unyenyekevu uliopitiliza, na nyingine ilisema jambo moja kwa moja. Shahidi aliyesitasita aliaminiwa kidogo, awe mwanamume au mwanamke. Ni kweli kwamba utafiti huo ulifanywa kwa Kiingereza, tena kuhusu mahakama. Hata hivyo, anayesoma ujumbe wa simu naye anapima kama mwandishi ana hakika na anachokisema, na kipimo alichonacho ni maneno yaliyo mbele yake.

Hapa wako watakaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya adabu, na kuyaondoa haya ni kuufanya ujumbe uwe mkavu. Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo sababu sitaki seremala aifute shikamoo yake. Shikamoo inamheshimu mwalimu bila kuligusa deni. “Naomba” nayo ibaki, maana kwetu hata anayestahili huomba. Kinachopaswa kuondoka ni kile kinachotia shaka katika jambo lisilo na shaka. Basi aandike: “Shikamoo mwalimu. Madawati 20 tuliyokubaliana niliyakabidhi tarehe 3 mwezi huu, na mhasibu wa shule alisaini kuyapokea. Salio ni shilingi 400,000. Naomba lilipwe kabla ya Ijumaa tarehe 14. Asante.” Sidhani kuna mwalimu atakayeona amevunjiwa heshima hapo. Ila sasa, akitaka kuchelewesha, itabidi aseme sababu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1990 mtafiti Linda Carli alionyesha kwamba mwanamke aliyezungumza kwa kusitasita aliwashawishi wanaume zaidi kuliko aliyezungumza kwa uhakika, ingawa kwa wanawake wenzake ushawishi wake ulikuwa mdogo kuliko wa aliyezungumza kwa uhakika. Kwa hiyo kuna dada ofisini anayeandika “samahani, nadhani” kwa hesabu kamili: anajua bosi wake atauona uhakika wake kama kiburi. Simlaumu hata kidogo. Lawama ni ya msomaji anayemtoza binti gharama ambayo kijana wa kiume hatozwi. Hata hivyo yapo mambo yasiyohitaji kulainishwa hata mbele ya bosi huyo, kama tarehe, kiasi, na jina la aliyesaini. Hayo ayaandike wazi, na ulaini wake auweke kwenye salamu na shukrani.

Na shaka ikiwa ya kweli, isifichwe. Mtu asiyejua jumla ya deni asijifanye anajua, aseme kipi hasa hakijui: “Usafiri ni shilingi 60,000, bei ya mbao nitaithibitisha kesho asubuhi.” Hapo msomaji anajua asubiri nini, na kwa muda gani.

Wewe unayedai malipo leo, kabla ya kutuma ujumbe wako tafuta “tu”, “kidogo” na “nadhani”. Ulipoandika nadhani huku risiti unayo, weka kiasi na tarehe.