Ankara ya Kweli, Akaunti ya Mwizi

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo anapokea kwa barua pepe ankara ya mabati kutoka kwa msambazaji wake. Nembo ni ileile, bei ni ileile waliyokubaliana, hata anwani ya mtumaji ni sahihi. Kilichobadilika ni namba ya akaunti tu. Mwizi ameshaingia kwenye barua pepe ya msambazaji, kwa hiyo ukiandika kuuliza, atakayekujibu ni yeye. Simu iliyo chini ya ankara nayo huenda ni yake. Tafuta namba kwenye risiti ya zamani, piga, umwombe mhasibu wao akusomee namba ya akaunti yao. Usimsomee wewe, mtu mwenye haraka huitikia tu. Na kama umeshalipa, ipigie benki yako sasa hivi, kabla fedha hazijatolewa.