Lugha Mbili Hazimcheleweshi Mtoto Kusema

Wazazi wenzangu, kusikia lugha mbili nyumbani hakumcheleweshi mtoto kusema. Mara nyingi tunakosea kuhesabu. Mtoto wa miaka 2 anayesema maneno 30 ya Kiswahili na 25 ya Kijaluo ana maneno 55, wala si 30. Hata “maji” na “pi” hesabuni yote mawili. Akichanganya lugha, msimkemee. Mjibuni kwa sentensi kamili.

Anapooga, mama amtajie viungo vya mwili kwa Kijaluo. Wakati wa chakula cha jioni, baba azungumze naye kwa Kiswahili.

Lakini akifika miezi 18 bila neno katika lugha yoyote, au hageuki anapoitwa, msisingizie lugha. Mpelekeni kliniki apimwe masikio.