Maswali ya Familia: Tuyapange kwa Mafungu



Leo tunaongea juu ya karatasi ya maswali na majibu, ile ambayo kamati huandika ili familia zinazofika zisianze kuuliza kila kitu upya. Kwa kawaida maswali huandikwa jinsi yalivyoulizwa: la kwanza juu ya chakula, la pili juu ya kadi ya uchaguzi iliyopotea njiani, la tatu tena chakula. Yakiwa 10 hakuna shida. Yakifika 40, karatasi imegeuka pori.

Tufikirie mama aliyejifungua ukimbizini. Sheria ya jamaa ya Kongo inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya etasivili. Zikipita, inabidi kupata kwanza hukumu ya tribinali, na hapo kuna safari na matumizi. Jibu lake limeandikwa, lakini ni swali la 31, katikati ya hema na dawa. Anayemsomea anachoka kwenye la 15, na siku zinapita.

Basi tunafanya hivi. Tunakata karatasi, kila swali na jibu lake kipande kimoja, na nyuma ya kipande tunaandika namba yake ya zamani. Tunatandaza vipande kwenye mkeka na kuweka pamoja yanayofanana. Tusianze na majina ya mafungu. Majina yatakuja yenyewe. Kwetu mafungu huwa karibu matano: karatasi zetu, watoto na masomo, chakula na vifaa, mashamba na nyumba tulizoacha, kurudi kijijini. Jina liwe lile ambalo mtu mwenye shida angelitamka. Ukiandika "Haki za kiraia", mama yule hatajua kwamba mtoto wake yumo ndani. Fungu la "Mengine" nalo lichungeni: likizidi maswali matatu au manne, kuna fungu lililosahauliwa.

Hapa ndipo kazi inapoleta faida ambayo wengi hawaitazamii. Chukueni swali la shamba. Kwenye orodha ya zamani, swali la 6 linauliza: "Tumekuta mtu analima shamba letu, twende kwa nani?" Jibu: kwa shefu wa kijiji na wazee. Swali la 29 linauliza jambo lile lile kwa maneno mengine, na jibu lake ni: tribinali. Wakati yalikuwa mbali hakuna aliyeona. Familia moja inashika la 6, nyingine inashika la 29, na kila moja inasema kamati ndiyo imeiambia. Ugomvi wa shamba unapata moto mpya kutoka kwenye karatasi yetu wenyewe! Vipande viwili vikilala pamoja kwenye mkeka, kupingana kwao kunaonekana mara moja. Hapo msichague jibu ninyi peke yenu. Itisheni shefu na mtu anayejua sheria, mkubaliane njia moja: nani wa kwanza, na lini jambo linapelekwa mbele.

Swali hilo linafaa pia kwenye fungu la kurudi. Liandikeni mara moja tu, kwenye mashamba, na kule kwingine wekeni mstari: "Shamba limeshikwa na mtu mwingine: tazama D1." Jibu likinakiliwa mara mbili, siku moja litasahihishwa upande mmoja tu.

Namba zianze upya kwa kila fungu, pamoja na herufi: A1, A2, B1. Hivyo swali jipya linaingia mwishoni mwa fungu lake bila kusukuma mengine. Na kwa kuwa wako wanaokumbuka "swali la 29", wekeni namba ya zamani kwenye mabano kwa miezi ya kwanza.

Faharasa, yaani orodha fupi ya juu, huandikwa mwisho ingawa inakaa mwanzo. Ukiiandika mapema itadanganya. Itoshe upande mmoja wa karatasi: jina la fungu, na chini yake kila swali kwa maneno machache, kama "Kuandikisha mtoto, siku 90: B1". Kwa wasiosoma, mchoro mdogo kando ya kila fungu, jembe au kitabu, unawasaidia kuonyesha kwa kidole wanachotaka kusomewa.

Kisha jaribuni. Mwite mtu ambaye hakuwepo kwenye mkeka, mpe shida moja, mtazame bila kumsaidia. Kidole chake kikienda kwanza kwenye fungu lisilo lake, na wa pili akifanya vilevile, wekeni kielekezo hapo walipotafuta. Wao hawajakosea, ndipo watu watakapotafuta.

Mikasi na gundi viko mezani, tuanze na karatasi ya kamati yenu.