Jinsi ya Kuiandikia Ofisi ya Serikali Barua Pepe na Kupata Jibu

(Maandishi ya mazungumzo na wakazi katika kikao cha wadi)



Leo nitazungumzia barua pepe ya aina moja tu: ile ya kuiomba ofisi ya serikali habari. Tuseme ujenzi wa zahanati ya kijiji, tuiite Mwembeni, umesimama. Wakazi wanataka kujua pesa zimefika wapi. Wengi wetu tungeandika hivi: "Hamjambo huko ofisini, natumai nyote ni wazima. Tumechoka kudanganywa. Kwa nini zahanati yetu haijaisha na pesa mmekula?"

Barua hiyo ina kasoro mbili. Salamu za kujuliana hali ni za barua ya kirafiki. Barua rasmi huingia kwenye jambo moja kwa moja. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Swali la "kwa nini" hujibiwa kwa maelezo, na maelezo yanaweza kuwa ahadi tu: "Suala lenu linashughulikiwa." Nayo shutuma humfanya afisa ajitetee. Basi badala ya kuuliza sababu, omba hati. Hati ama ipo, ama haipo.

Sasa tazameni barua ileile ikiandikwa upya:

Mada: Ombi la habari kuhusu ujenzi wa Zahanati ya Mwembeni

Kwa Afisa Mkuu,
Idara ya Afya.

Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa Mwembeni. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nipewe:

1. Nakala ya mkataba wa ujenzi wa zahanati hiyo.
2. Rekodi ya malipo yote aliyolipwa mkandarasi hadi leo.

Naomba nakala hizo zitumwe kwa anwani hii ya barua pepe. Iwapo kuna gharama ya kunakili, tafadhali nijulishe mapema.

Wako mwaminifu,
(Jina kamili, kijiji, wadi na nambari ya simu)

Mstari wa mada unataja jambo na mahali, kwa hivyo karani anajua ampelekee nani kabla hata ya kuifungua. Ukiandika "Ombi" au "Haraka sana" pekee, hajui. Neno "raia" lina kazi yake, kwa sababu Kifungu cha 35 kinampa haki hii raia. "Naomba nipewe" ni lugha ya heshima isiyo ya kunyenyekea. "Nataka" ni amri, na "nawapigia magoti" haihitajiki kwa jambo ambalo ni haki yako. Sababu ya kuomba haimo kwa kuwa sheria haikulazimishi kuitoa. Kiswahili pia kinatosha: sheria inaruhusu ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi haiwezi kulikataa kwa sababu tu hukutumia fomu yake.

Baada ya kutuma, hesabu siku. Ofisi ina siku 21 tangu ilipopokea ombi. Ikilipokea tarehe 2 Machi, siku hizo zinakwisha tarehe 23 Machi. Ikiwa habari ni nyingi, inaweza kuongeza muda mara moja, usiozidi siku 14. Yaani hadi tarehe 6 Aprili katika mfano wetu. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Kulipeleka ombi hakulipiwi. Unachoweza kulipishwa ni gharama ya nakala.

Ukikumbusha, jibu ndani ya barua ileile ya kwanza, usianze mpya. Hivyo tarehe ya kwanza hubaki ikionekana chini. Sentensi moja inatosha: "Narejelea ombi langu la tarehe 2 Machi, ambalo bado sijapata jibu lake."

Huenda usipate kila kitu. Sheria inalinda mambo kama usalama wa taifa na siri za mtu binafsi, kwa hivyo baadhi ya maelezo yanaweza kuzuiwa. Lakini ofisi ikikataa, inapaswa kukupa sababu. Na muda ukipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba ombi limekataliwa. Hapo unaweza kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Una siku 30 za kufanya hivyo, na ushahidi wako wa kwanza utakuwa ile barua pepe yenye tarehe. Kwa hivyo msiifute.